YAH: Kuharisha Damu kwa Miezi Saba

Barua nyingi za wagonjwa wanaokwenda kumwona daktari bingwa wa mfumo wa chakula kwa mara ya kwanza huanza namna hii: "Daktari, nasumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu sana. Nimetumia dawa nyingi bila nafuu. Mara linajaa gesi, mara linanguruma, mara nasikia kitu kinatembea ndani. Wapo walioniambia ni vidonda vya tumbo, wengine amiba, wengine taifodi. Naomba msaada wako."

Aliyeandika hayo ameteseka kweli, na hakuna uongo ndani yake. Shida ni kwamba daktari akimaliza kuisoma, hajapata hata jambo moja la kumsaidia kuamua. Muda mrefu ni wiki sita au miaka sita? Dawa nyingi ni zipi, na baada ya kuzimeza kilitokea nini? Anaharisha au anakosa choo? Kuna damu? Basi itabidi aanze kuuliza, na mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, amechoka na anaona haya, atajibu nusu. Mara nyingi nusu inayobaki nyumbani ndiyo iliyokuwa na jibu.

Hapa naweka barua ya namna nyingine, nzima, kisha tuisome jinsi bingwa anavyoisoma. Mwalimu anayeiandika nimemtunga. Lakini dalili zake, dawa alizopewa na njia aliyopita kabla ya kupata rufaa ni mambo ambayo familia nyingi za Tanzania na Kenya zitayatambua mara moja.

Daktari, shikamoo.

YAH: KUHARISHA KWA MIEZI SABA, DAMU KWA MIEZI MITANO

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Sina mimba, hedhi ya mwisho ilianza tarehe 2 mwezi huu wa Oktoba. Sivuti sigara, sinywi pombe. Sina kisukari wala presha, na sijui dawa yoyote inayonidhuru.

Kabla ya Machi nilikuwa napata choo mara moja kwa siku, asubuhi, cha kawaida. Katikati ya Machi nilianza kuharisha taratibu, mara tatu au nne kwa siku. Sikuwa na homa wala sikutapika, na nyumbani hakuna mwingine aliyeugua. Mwanzoni mwa Mei nikaona damu.

Sasa hivi naenda chooni mara 6 hadi 8 kwa saa 24. Mbili kati ya hizo ni usiku, naamshwa usingizini na tumbo. Choo ni ujiuji. Damu ni nyekundu, imechanganyika na kamasi, karibu kila ninapokwenda. Mara nyingi nabanwa ghafla, nikifika hutoka kamasi na damu kidogo tu, na nikiinuka najisikia bado sijamaliza. Septemba nilijichafua mara mbili kabla ya kufika chooni. Tumbo linauma chini ya kitovu upande wa kushoto kabla ya kwenda, likishatoka linatulia kidogo.

Uzito: kilo 64 Februari, kilo 57 wiki iliyopita. Sijajinyima chakula.

Dawa nilizotumia: Machi, metronidazoli miligramu 400 mara tatu kwa siku, niliacha siku ya nne kwa sababu ya kichefuchefu, hakuna mabadiliko. Aprili, siprofloksasini miligramu 500 mara mbili, siku 7, kwa kuwa niliambiwa nina taifodi. Nilipata nafuu kama siku tatu, kisha ikarudi. Mei, metronidazoli miligramu 800 mara tatu, siku 10, nilimaliza zote, pamoja na albendazoli miligramu 400 mara moja, hakuna mabadiliko. Juni, dawa ya bawasiri ya kuweka njia ya haja kubwa, wiki mbili, hakuna mabadiliko. Juni hadi Agosti nilikunywa mwarobaini kikombe kimoja asubuhi, nimeacha. Julai, diklofenaki miligramu 50 mara mbili, wiki mbili, kwa ajili ya magoti. Wiki hizo ndizo nilizoharisha kuliko zote, hadi mara 12 kwa siku. Tangu tarehe 10 Septemba natumia vidonge vya kuongeza damu, na choo kimekuwa cheusi zaidi tangu hapo.

Vipimo (nakala nimeambatanisha): choo Machi, "vifuko vya amiba vimeonekana", choo Mei na Agosti, seli za usaha na za damu nyingi, hakuna mayai ya minyoo. Widal Aprili, chanya. Hemoglobini 11.8 Mei, 9.4 Septemba. VVU Septemba, hasi. Utrasaundi ya tumbo Agosti, kawaida. Sijawahi kupimwa kwa kamera.

Mengineyo: tangu Julai magoti na kifundo cha mguu wa kulia huvimba na kuuma, hasa siku za kuharisha sana. Macho hayana shida. Sijaishi na mtu mwenye kifua kikuu. Kwenye ukoo wetu sijasikia saratani ya utumbo. Nilizaliwa Ukerewe na nilioga ziwani hadi nilipotimiza miaka 12.

Ninaogopa kuwa ni saratani. Ningependa kujua kama naweza kuendelea kufundisha, na kama ugonjwa huu utanizuia kupata mtoto wa tatu.

Barua inaishia hapo. Kwa mwandiko wa kawaida inajaa karatasi moja, mbele na nyuma, na bingwa huimaliza kwa dakika mbili. Mstari wa YAH, ambao sisi tuliosoma shule tunauandika hata kwenye barua ya kuomba likizo, peke yake umeshampa mambo mawili anayoyahitaji kuliko yote: kitu gani, kwa muda gani.

Muda ndio anaoutazama kwanza. Kuharisha kunakoletwa na chakula kibovu, maji machafu au virusi, mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili, hata bila dawa. Kukipita wiki nne, madaktari hukuhesabu kuwa ni kuharisha sugu, na orodha ya magonjwa ya kufikiria hubadilika. Taifodi yenyewe ni ugonjwa wa homa unaokwenda kwa wiki kadhaa. Haukai miezi saba mtu akiharisha damu bila joto la mwili. Kwa hiyo, kabla hata hajafika kwenye majibu ya maabara, bingwa ameshaanza kuiondoa taifodi mezani.

Kisha anafika kwenye usiku. Tumbo lenye hisia kali, lile linalochafuka mtu akiwa na wasiwasi au akila vibaya, kwa kawaida hulala mwenyewe anapolala. Utumbo wenye uvimbe au vidonda hausubiri asubuhi. Ndiyo maana mwalimu ameandika "naamshwa usingizini na tumbo". Mtu aliyeamka kwa sababu mtoto analia, kisha akapitia chooni, hajaeleza jambo hilohilo, na akiandika tu "usiku pia naenda" daktari atalazimika kuuliza.

Damu nayo ina mahali inapotoka, na jinsi inavyoonekana huonyesha mahali hapo. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu, ikiwa peke yake, mara nyingi ni ya bawasiri au mchubuko kwenye mlango wa haja kubwa. Damu iliyochanganyika na kamasi ndani ya choo laini hutoka juu zaidi, kwenye ukuta wa utumbo mpana uliovimba. Na ile hali ya kubanwa, kukaa, kutoa kamasi kidogo, kisha kujisikia hujamaliza, huelekeza kwenye sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, ile puru, kwa sababu ukuta wake uliovimba unatoa taarifa ya kujaa hata ukiwa mtupu. Sentensi tatu za mwalimu zimemwambia bingwa mahali pa kutazama. Zimemwambia pia kwa nini dawa ya bawasiri ya Juni haikufua dafu.

Sasa tufike kwenye dawa, sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa barua nzima, na ndiyo wagonjwa wanayoiandika vibaya kuliko zote. Kuandika "nimetumia Flajili" hakutoshi. Mwalimu ameandika kiasi, siku, kama alimaliza au aliacha, na kilichotokea. Hapo ndipo dawa inapogeuka kuwa kipimo. Dozi ya Machi haihesabiki: ilikuwa ndogo na aliiacha siku ya nne. Kama asingekiri hilo, daktari angedhani amiba imeshatibiwa mara mbili. Lakini dozi ya Mei ilikuwa kamili, miligramu 800 mara tatu kwa siku 10. Amiba iliyouvamia utumbo kwa kawaida huanza kutii dawa hiyo ndani ya siku chache. Damu haikupungua hata kidogo. Hilo peke yake halifuti amiba, ila linaisogeza mbali.

Diklofenaki ni habari nyingine. Dawa za maumivu za jamii yake, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuuchochea utumbo mpana wenye uvimbe uwake zaidi. Mwalimu alidhani magoti ni shida nyingine kabisa isiyohusiana na tumbo, akanunua dawa dukani kama tunavyofanya wote. Kwenye barua vitu viwili vimekaa jirani: viungo vinavimba siku za kuharisha sana, na kuharisha kulizidi wiki za diklofenaki. Bingwa anaona ugonjwa mmoja unaogusa utumbo na viungo, kisha dawa iliyomwaga mafuta kwenye moto. Kama mwalimu angeona magoti hayamhusu daktari wa tumbo, uzi huo ungekatika. Na vile vidonge vya kuongeza damu vilivyotajwa tarehe vimezuia hofu isiyo na sababu. Madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi kinachonata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, huashiria damu inayovuja tumboni juu, na hiyo huwa ni dharura. Tarehe ndiyo imevitenganisha.

Kwenye majibu ya maabara, bingwa anasoma kinyume na mwalimu alivyoambiwa. "Vifuko vya amiba vimeonekana" ni jibu linaloandikwa kila siku kwenye zahanati zetu, na kwa darubini ya kawaida ndilo jibu linaloweza kutolewa. Tatizo ni kwamba amiba inayoleta ugonjwa, Entamiba histolitika, ina ndugu yake aitwaye Entamiba dispari ambaye hukaa utumboni bila madhara, na vifuko vyao kwenye darubini vinafanana kabisa. Ushahidi wenye nguvu ni kuiona amiba hai yenye chembe nyekundu za damu ndani yake, na hiyo inahitaji choo kibichi kabisa, kitazamwe ndani ya kama nusu saa kabla haijafa. Widal nayo hupima askari wa mwili waliobaki kutokana na maambukizi ya sasa au ya zamani, au hata chanjo. Jibu moja chanya, katika nchi ambako taifodi ipo, halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara na kumkuta bakteria mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza nakala za majibu ziambatanishwe. Barua ikisema tu "nilikuwa na amiba na taifodi", inampa daktari hitimisho la mtu mwingine. Nakala inampa kilichoonekana.

Ukerewe ulikuwa mstari wa mwisho mwisho, na mtu angeweza kuuona ni wa kumaliza ukurasa. Lakini mwambao wa Ziwa Victoria ni eneo lenye kichocho cha tumbo, kile kinacholetwa na Shistosoma mansoni, ambacho mayai yake hukwama kwenye ukuta wa utumbo na kuleta damu. Anayeoga ziwani utotoni anaweza kubaki nacho kwa miaka. Bila mstari ule, daktari wa Dar es Salaam au Morogoro anaweza asikumbuke kukitafuta kwa mtu anayeishi mbali na ziwa.

Hadi hapo bingwa ana jina la ugonjwa kichwani: kolaitisi ya vidonda, uvimbe sugu wa utumbo mpana ambao kinga ya mwili yenyewe inauendesha. Lakini namba zilizomo kwenye barua zinamwambia jambo la haraka zaidi kuliko jina.

Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oksfodi, Truelove na Witts, walichapisha matokeo ya kutibu ugonjwa huu kwa kotisoni, na humo waliweka vigezo vya kupima ukali wake ambavyo wodi za dunia nzima zinavitumia mpaka leo. Ugonjwa ni mkali ikiwa mtu anapata choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, na juu ya hapo ana walau dalili moja ya mwili mzima kuathirika: mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, joto zaidi ya 37.8, hemoglobini chini ya 10.5, au kiwango cha damu kutulia kinachozidi 30 kwa saa. Mwalimu ana choo mara 6 hadi 8, chenye damu. Hemoglobini yake ni 9.4. Hata kabla ya kushikwa mkono, karatasi imeshasema ni mkali. Muuguzi anapompima na kukuta mapigo 104, hakuna tena habari ya kupewa tarehe ya kamera baada ya wiki tano. Analazwa siku ileile.

Linganisha na ile barua ya kwanza, ya gesi na kitu kinachotembea. Mgonjwa yuleyule, utumbo uleule, angeweza kurudi nyumbani na karatasi ya kipimo kingine cha choo.

Wodini, mengi yanayofuata yanategemea tena yaliyoandikwa. Kwa kuwa alitumia antibiotiki zaidi ya mara moja, choo chake kinapimwa sumu ya bakteria aitwaye Klostridioide difisile, ambaye hustawi pale antibiotiki zinapowaua bakteria wengine, na huleta picha inayofanana na hii. Choo kibichi kinapelekwa maabara kwa miguu ya haraka kutafuta amiba hai, kwa sababu dawa itakayofuata, ya jamii ya steroidi, ikitolewa kwa mtu mwenye amiba iliyovamia utumbo inaweza kusababisha utumbo kutoboka. Kamera inayotumika ni fupi, inaishia upande wa kushoto wa utumbo, bila yale maji ya kuharishia ya kusafisha tumbo zima, kwa kuwa utumbo uliovimba kiasi hiki hauhimili msukosuko huo.

Kinachoonekana kwenye kioo ni ukuta mwekundu, unaovuja damu ukiguswa, kuanzia puru kwenda juu bila kuacha hata kipande kizima. Mpangilio huo una maana. Kifua kikuu cha utumbo hupenda zaidi sehemu ya kulia, pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na ugonjwa wa Kroni huruka-ruka, ukiacha sehemu nzima katikati ya sehemu mbovu. Vinyama vidogo vinakatwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayetafuta pia mayai ya kichocho na amiba. Hakuna saratani inayoonekana sehemu iliyotazamwa. Hilo anaambiwa mwalimu mapema, kwa sababu aliandika kwamba ndilo analoliogopa.

Anaanzishiwa haidrokotisoni kwenye mshipa, miligramu 100 mara nne kwa siku, na sindano ya kuzuia damu kuganda, maana utumbo ukivimba hivi damu huganda kirahisi miguuni na mapafuni hata kama mtu anavuja damu chooni. Siku ya tatu ndiyo siku ya hukumu. Ikiwa bado anakwenda chooni zaidi ya mara 8 kwa siku, au mara 3 hadi 8 huku kipimo cha uvimbe kwenye damu kiitwacho CRP kikiwa juu ya 45, steroidi peke yake kwa uwezekano mkubwa haitatosha, na daktari wa upasuaji huitwa mapema pamoja na kufikiria dawa ya ngazi ya pili. Kwa hiyo mwalimu anaendelea kuandika, safari hii kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya kitanda: saa, choo, damu ipo au haipo. Siku ya tatu amekwenda mara 3, na CRP imeshuka chini ya kikomo. Anahamia kwenye vidonge, kisha kwenye mesalazini, ambayo itakuwa mwenzake wa miaka mingi. Darasani atarudi. Kuhusu mtoto wa tatu anaambiwa asubiri ugonjwa utulie kwa miezi kadhaa kwanza. Mimba inayoanza ugonjwa ukiwa umelala kwa kawaida huenda vizuri, na mesalazini haimlazimu kuiacha.

Mpangilio huohuo wa barua unaweza kutoa jibu lililo kinyume kabisa. Mwanamume wa miaka 28 anaandika kwamba kwa miaka miwili tumbo humuuma walau siku moja kila wiki, maumivu hupungua akipata choo, choo hubadilika mara kigumu mara laini, haamki usiku, uzito uko palepale, hakuna damu, hemoglobini ni 14.6, na mwezi wa Ramadhani alijisikia vizuri hadi kwenye futari za kukaanga. Hiyo inaingia vizuri kwenye vigezo vya Roma vya mwaka 2016 vya utumbo wenye hisia kali. Bingwa anaweza kumwambia hivyo siku ileile, akaongeza vipimo vichache tu vya damu na choo, na kumwepusha na kamera asiyoihitaji. Mambo ambayo hayapo yana uzito sawa na yaliyopo, na ndiyo maana ni muhimu kuandika "hakuna damu" badala ya kunyamaza.

Wengi wakiona barua ya mwalimu watasema, mimi sikuweka kumbukumbu, namba hizo nazitoa wapi? Zipo zaidi ya unavyodhani. Tarehe za dawa zimo kwenye ujumbe wa malipo ya simu uliotumiwa ulipolipa kliniki au duka la dawa. Miezi inakumbukwa kwa matukio: ilianza kabla ya mitihani ya muhula, damu ilikuja wiki baada ya Idi. Maboksi ya dawa yaliyobaki yapige picha, upande wenye jina na miligramu. Uzito wa zamani huwa kwenye kadi ya kliniki ya mama au kwenye cheti cha hospitali.

Umbo la choo lina kipimo chake cha kimataifa, jedwali la Bristo lililochapishwa mwaka 1997, lenye namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vipande vigumu vilivyotengana kama mavi ya mbuzi, 4 ni kile laini kilichoshikana, 6 ni ujiuji na 7 ni maji matupu. Ukiweza kuandika "namba 6 siku nyingi, namba 7 siku mbaya", umemaliza. Kuona damu kunahitaji kutazama kabla hujamwaga maji, jambo ambalo wengi wetu tumefunzwa tangu utotoni tusilifanye. Na choo cha shimo hakionyeshi kitu. Siku mbili au tatu kabla ya kwenda hospitali tumia beseni au poti ya mtoto, tazama kwa mwanga wa mchana, kisha mwaga na uoshe. Hesabu ya siku tatu au nne iliyofanywa vizuri inatosha. Daftari la miezi sita la kila mlo halisomwi na mtu, isipokuwa kuna chakula kimoja ambacho kila ukikila tumbo hugeuka ndani ya saa chache. Hicho kiandike.

Andika nakala mbili, moja umpe daktari ibaki kwenye faili. Mitishamba iandike bila kuona haya. Na kujichafua pia, hata kama hutaki kukisema mbele ya mtu. Ni rahisi zaidi kukiandika.

Kuna hali ambazo barua haifai kungoja tarehe ya kliniki. Ukifika mara 6 za choo chenye damu kwa siku, ukawa na homa au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, ukizunguzungu ukisimama, au tumbo likivimba na kuwa gumu likiuma mfululizo, nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo. Karatasi uliyoandika mpe atakayekusindikiza, akamkabidhi daktari wa zamu mkononi.